"Lakini Nimelisikia, Mwalimu!": Kutafuta Kosa Pale Mwanafunzi Anaposikia Vizuri na Bado Akachagua Jibu Baya

Twisheni yangu iko Ngamiani hapa Tanga, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Kuna mabenchi manne, ubao mmoja na feni inayolia kama mashine ya kukoboa. Kila Jumamosi asubuhi nawasomea watoto kumi na wawili kifungu cha ufahamu wa kusikiliza, nao wanajibu maswali ya kuchagua A, B, C au D. Nikishasahihisha, lalamiko huwa ni lilelile: "Lakini nimelisikia, mwalimu! Umesema saa moja!" Na ni kweli nimesema saa moja. Mtoto hajadanganya na masikio yake hayana ubovu.

Sisi tunaotunga maswali jibu la kumtega mtu tunaliita kipotoshi. Katika ufahamu wa kusoma, kipotoshi hakina nguvu sana, kwa sababu msomaji anaweza kurudi kwenye mstari, akaweka kidole na kuhakikisha. Katika kusikiliza maneno yamekwishapita. Kinachobaki kichwani ni vipande, namba mbili tatu na jina la mtu, kisha mtoto anatazama karatasi na kukuta kile kipande chake kimeandikwa pale, herufi B, kinamsubiri. Anafurahi, anakizungushia. Mtungaji alikiweka pale akijua kitasikika.

Nitatumia kifungu kimoja nilichokitunga mwenyewe, ili kila kosa tulione limetokea wapi. Watoto huwa wanapewa nusu dakika ya kusoma maswali kwanza, halafu nasoma mara mbili. Kifungu chenyewe ni hiki:

Ni Jumatano asubuhi, Pangani. Mjomba yuko ufukweni, na mpwa wake ndio kwanza anawasili kutoka Tanga.

Mpwa: Shikamoo mjomba.

Mjomba: Marahaba mjomba. Mbona jua limeshakuwa kali? Si nilikwambia upande basi la saa moja kamili?

Mpwa: Stendi nilifika saa moja kasorobo, mjomba. Basi la saa moja likaharibika palepale. Wakatuhamishia la saa mbili, nalo likakaa kusubiri abiria, tukatoka saa mbili na nusu.

Mjomba: Ungedandia lori la samaki ungekuwa umeshafika zamani.

Mpwa: Kwa mizigo hii, mjomba?

Mjomba: Haya. Maboya yangu ishirini yako wapi?

Mpwa: Dukani nilikuta kumi na mawili. Manne yamepasuka, nikayaacha.

Mjomba: Na pesa ya kamba ilitosha?

Mpwa: Ipo yote, mjomba. Kamba nimenunuliwa na baba mdogo.

Mjomba: Mungu ambariki. Sasa utanisaidia kukalafati mashua, au unarudi kesho kama alivyosema mama yako?

Mpwa: Mama amekubali nikae. Nitafanya kazi na wewe mpaka keshokutwa, mtondo ndiyo nirudi.

Na maswali yake:

1. Basi alilosafiria mpwa liliondoka Tanga saa ngapi?
A. Saa moja kasorobo
B. Saa moja kamili
C. Saa mbili kamili
D. Saa mbili na nusu

2. Mpwa alileta maboya mangapi?
A. 20
B. 12
C. 8
D. 4

3. Nani alilipia kamba?
A. Mjomba
B. Mpwa
C. Mama
D. Baba mdogo

4. Mpwa atarudi Tanga siku gani?
A. Alhamisi
B. Ijumaa
C. Jumamosi
D. Jumapili

Majibu ni D, C, D, C. Sasa tuanze na wagonjwa.

Dalili: amechagua namba iliyotajwa kweli, lakini si yenyewe

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linaloangusha wengi. Tazama machaguo yote manne: kila saa iliyoandikwa pale imo kwenye mazungumzo, ama kama saa yenyewe ama kama jina la basi. Hakuna hata moja niliyoibuni. Kwa hiyo mtoto anayejiuliza "nimesikia ipi?" hana msaada wowote, maana amezisikia zote. Lazima ajiulize kila saa ilikuwa saa ya nini.

Saa moja kamili ilikuwa maagizo ya mjomba, jambo lililotakiwa kuwa na halikuwa. Saa moja kasorobo ni kweli tupu, lakini ni jibu la swali jingine: ndiyo saa aliyofika stendi. Saa mbili ni jina la basi tu, kama tunavyosema "basi la saa mbili" hata likiondoka saa tatu. Saa mbili na nusu ndipo magurudumu yalipozunguka.

Kuna njia rahisi ya kujua mtoto anaumwa nini hasa. Usimuulize kwa nini amechagua B. Muulize: "Saa moja kasorobo kulitokea nini?" Akijibu kwamba jamaa alifika stendi, basi kusikia kwake ni kuzima, aliyumba kwenye kulisoma swali, hakushika neno "liliondoka". Akikodoa macho tu, basi alikuwa anaokota namba kama anayeokota makombe pwani, bila kujua zimetoka wapi. Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake ni mbalimbali. Wa kwanza mwambie apige mstari chini ya kitenzi cha swali katika ile nusu dakika ya mwanzo. Wa pili mfundishe kutoandika namba peke yake kwenye karatasi ya rafu. Kila namba iwe na kitenzi kifupi pembeni: "1 kasoro, kafika", "1, bovu", "2½, tumetoka". Ni herufi chache tu, na wakati wa kuchagua zinasema kila kitu.

Hapa nina ugomvi kidogo na walimu wenzangu. Wengi tunawafundisha watoto kutegea neno "lakini": ukisikia lakini, ila, kumbe au badala yake, jua jibu la mwanzo limefutwa. Si ushauri mbaya, ila hautoshi. Rudi kwenye kifungu uone kama kuna "lakini" hata moja. Hakuna. Kilichofuta saa moja kamili ni kitenzi kimoja, "likaharibika". Kisha vinafuata vingine vya mtindo huohuo: wakatuhamishia, likakaa, tukatoka. Hiyo -ka- yetu ya masimulizi ndiyo inayosogeza mambo hatua kwa hatua, na kila hatua inaweza kuiua ile iliyotangulia bila kupiga hodi. Mtoto aliyezoea kutegea "lakini" anakaa kimya anangoja, na mlolongo mzima unampita. Siku hizi nawaambia wahesabu hizo -ka- kwa vidole mezani. Swali likiuliza mwisho wa jambo, kidole cha mwisho ndicho chenye neno.

Jambo jingine dogo kuhusu saa. Ukibadilisha machaguo yakawa kwa tarakimu, ugumu unaongezeka kwa namna ambayo pengine hukuikusudia. Saa moja kasorobo asubuhi kwenye simu inasomeka 6:45, na ukiiandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili ni 12:45. Mtoto anasikia "moja", halafu katika chaguo sahihi haoni moja yoyote. Kama unataka kupima kusikiliza, andika saa kwa maneno. Ukitaka kupima kugeuza saa, hilo ni swali lake la peke yake.

Dalili: anakataa jibu sahihi kwa sababu "hujalisema"

Swali la pili. Nilipolitumia mara ya kwanza, A na B ziligawana karibu darasa zima. Binti mmoja, mwangalifu kuliko wote, alikuwa amezungushia C, akaifuta, akaweka B. Nilipomuuliza akaniambia, "Nane hukuisoma, mwalimu." Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa kisha akaitilia shaka kwa kuwa sikio halikuithibitisha.

Ni kweli sikuitamka. Ishirini ni yale aliyoagiza mjomba, kumi na mawili ni yaliyokuwepo dukani, na manne ni mabovu. Yaliyofika Pangani ni nane, na neno nane halimo. Kipotoshi kingine cha hatari hapo ni D, kwa sababu "manne" ndiyo namba ya mwisho kusikika na bado inavuma kichwani wakati mkono unakwenda kwenye karatasi.

Chanzo cha kosa ni imani kwamba jibu ni sauti inayotafutwa, ipatikane kama ilivyo. Imani hiyo tumeipanda sisi wenyewe kwa kutunga miaka nenda rudi maswali ambayo jibu lake limetamkwa neno kwa neno. Dawa yake si maneno mengi. Baada ya kusahihisha, nawapa kifungu kilichoandikwa na kalamu ya risasi. Kwa kila chaguo, sahihi na baya, watafute mstari lilikotoka na waandike pembeni nani kalisema na limepatwa na nini baadaye. Kwa A wanaandika: "mjomba, kaagiza". Kwa B: "mpwa, kayakuta". Kwa D: "mpwa, kayaacha". Wakifika C hawaoni mstari, na hapo ndipo wanapoelewa kwamba jibu limezaliwa kati ya mistari miwili. Kazi hii inachukua dakika kumi kwa swali moja, ndiyo maana naifanya kwa maswali mawili tu kwa wiki, lakini ndiyo iliyobadilisha darasa langu kuliko kusoma vifungu kumi vipya.

Tahadhari moja. Kijana mmoja wa Makorora alitoka na kanuni yake: jibu ni lile ambalo mwalimu hakulitamka. Jumamosi iliyofuata alikosa maswali matano kwa mpigo, kisha akaja kunidai. Kwenye swali la kwanza hapo juu jibu limetamkwa wazi, na kwenye la pili halikutamkwa. Kutamkwa au kutotamkwa hakukuambii lolote.

Dalili: mambo yote kayashika, ila kageuza nani kamtendea nani

Mtoto anaweza kukusimulia kifungu kizima na bado akasema mpwa ndiye aliyenunua kamba. Ukimsikiliza sana utagundua kasikia "ni-" mwanzoni mwa "nimenunuliwa" akaridhika: ni-, mimi, nimenunua. Sehemu inayobadilisha maana iko katikati ya neno, ni "-liw-", nayo inapita upesi kuliko yote.

Lugha yetu inaficha mambo makubwa kwenye silabi moja. Ndiyo raha yake, na ndiyo inayompa mtungaji vipotoshi vya bure. Nawapima hivi, bila kifungu: natamka neno moja, wao wanajibu nani katoa pesa. "Nimenunua kamba." Mimi. "Nimemnunulia kamba." Mimi, ila kamba ni yake. "Nimenunuliwa kamba." Mtu mwingine. Mara ya kwanza ukiyatamka upesi kama tunavyozungumza barabarani, nusu ya mikono inakwenda pabaya. Dakika tano kila kipindi kwa mwezi mmoja na wanatulia. Ukibadilisha vitenzi ni bora zaidi: nimepika, nimepikia, nimepikiwa, nimeleta, nimeletea, nimeletewa.

Ndugu yake ni "-nge-". Mjomba anasema, "Ungedandia lori la samaki." Ukiuliza mpwa alisafiri na nini na ukaweka lori la samaki kati ya machaguo, utavuna. Lori limo, samaki wamo, picha yenyewe inavutia, na kilichosema kwamba jambo hilo halikutokea ni silabi moja. Cha kumfundisha mtoto ni kwamba akisikia -nge- au -ngali-, aandike X mbele ya jambo hilo hapohapo, kabla halijakaa kichwani kama tukio.

Halafu kuna la kwetu sisi watu wa pwani. Tunasema "kafika" tukimaanisha amefika. Kifungu kikisema "hakufika", na feni ikaimeza ile "ha" ya mwanzo, mtoto wa Tanga anabaki na "kufika" mkononi na sikio lake lenyewe linamtengenezea "kafika". Maana imepinduka. Nilidhani ni uzembe mpaka nilipojaribu kusoma sentensi hiyohiyo nikiwa nimezima feni, na makosa yakapungua papo hapo. Kwa hiyo kabla hujamtibu mwanafunzi kwa kukanusha vibaya, zima feni. Mvua ikipiga kwenye bati, acha kabisa kusoma. Fanyeni imla ya maneno au subirini.

Dalili: wote waliokosa wamekosa mahali pamoja

Swali la nne halina ujanja mwingi. Ukihesabu majibu ukakuta kila aliyekosa kaweka B, Ijumaa, basi usitafute tatizo la kusikiliza. Hawajui mtondo. Wamesikia keshokutwa, wanaijua, wamehesabu kutoka Jumatano wakapata Ijumaa, wakalipita neno wasilolijua. Kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo: bibi zao wanayasema yote manne, wao wanasema "siku ya tatu". Fundisha neno, uendelee na mengine. Tofauti na swali la kwanza, ambako makosa hutawanyika kwenye A, B na C, upungufu wa msamiati huwapeleka watu wote kwenye shimo moja.

Ndiyo sababu sirudishi karatasi kabla ya kuhesabu. Nachora jedwali dogo ubaoni, maswali kwa chini na herufi kwa upande, na kila mtoto ananitajia alichoweka. Jedwali hilo linaniambia mambo mawili. La kwanza ni hilo la shimo moja. La pili ni kwamba chaguo ambalo halikuchaguliwa na mtu yeyote, wiki baada ya wiki, limekufa. Kwenye swali la tatu "Mama" ilikuwa hivyo. Hakuna aliyedhani mama kalipia kamba, maana ametajwa mwishoni kwa jambo lisilohusiana na pesa. Chaguo lililokufa linageuza swali la machaguo manne kuwa la matatu, na aliyebahatisha anapata nafuu asiyostahili.

Dalili: anapata yote hata ukisoma vibaya

Hii haionekani kama tatizo, ndiyo maana inadumu. Niliwahi kutunga kifungu kuhusu mkonge, nikidhani kitawafaa watoto wa mkoa wa mkonge. Kilisema hivi: mkonge asili yake ni Meksiko, mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 kutoka Florida, ikapitia bandari ya Hamburg, ilipofika Tanga iliyokuwa hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Swali langu la kwanza liliuliza zao gani lilikuzwa kwa wingi mkoani Tanga wakati wa Wajerumani. Darasa zima likapata. Nikafurahi, mpaka nilipompa mtoto aliyechelewa maswali bila kumsomea kifungu, naye akapata. Hapo sikuwa nimepima kusikiliza, nilikuwa nimepima kama mtu kakulia Tanga.

Jaribio hilo sasa nalifanya kwa makusudi kwa kila seti mpya: nawapa maswali watu ambao hawajasikia kifungu. Kwa machaguo manne, anayebahatisha anatarajiwa kupata swali moja katika manne, yaani watu watatu hivi katika kumi na wawili kwa kila swali. Wakipata watatu au wanne, swali ni salama. Wakipata tisa, swali linavuja: ama jibu linajulikana mtaani, ama umeandika jibu sahihi refu na lenye adabu huku mengine mafupi kama umeyatupa, ama swali la tatu linajibu la kwanza.

Kifungu cha mkonge chenyewe hakikuwa kibaya. Nilibadilisha swali: Hindorf aliipata wapi miche aliyoiagiza? A, Meksiko. B, Florida. C, Hamburg. D, Kikogwe. Hapo yalitokea makosa ya maana. Waliochagua Meksiko walikuwa na habari ya kweli isiyo jibu, ndugu wa ile saa moja kasorobo. Waliochagua Hamburg walishika mahali miche ilipopita wakapafanya ndipo ilipotoka. Wachache walichagua Kikogwe, nao nilipowahoji niligundua mmoja ana shangazi huko. Alisikia jina la kwao na masikio yakafungwa hapo. Sina dawa ya hilo zaidi ya kucheka naye.

Dalili: darasa zima limeanguka

Wakianguka wote, aanze kuchunguzwa mwalimu. Mimi nimejikamata mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa sauti. Mtoto mmoja alinirekodi kwa simu ya mama yake, niliposikiliza nikaona kwamba nikikaribia jibu napunguza mwendo na kupandisha sauti. Kwenye vifungu vingi hilo lilikuwa linawasaidia. Lakini kwenye kile cha Pangani nilitilia mkazo "saa moja kamili", kwa sababu mjomba pale anafoka na mimi napenda kuigiza. Niliwasomea kipotoshi kwa herufi kubwa. Sasa nagawa mkazo sawasawa, na nasoma kifungu chote kwa dakika moja na nusu hivi, mwendo wa mtu anayeongea na jirani, wala si wa mtu anayeandikisha.

Mara ya pili lilikuwa swali lenyewe. Niliandika: "Mjomba alimwambia mjomba kwamba amechelewa. Nani alichelewa?" Kwa sisi wa pwani ni kawaida mjomba na mpwa kuitana mjomba wote wawili, kama unavyoona kwenye salamu ya kifungu. Kulikuwa na mtoto aliyehamia kutoka bara, akawa hajui kabisa ni nani kati yao anayeongea. Na hata kwa wenyeji, "amechelewa" hapo haimtambulishi mtu: Kiswahili hakina namna ya kutenga huyu na yule kwa kiambishi hicho kimoja. Swali la aina hiyo halirekebishiki kwa kumfundisha mwanafunzi. Nililifuta na nikawapa wote alama yake. Mazungumzo niliyaacha vilevile, ila kabla ya kusoma natangaza nani ni nani, na sauti ya mpwa naisoma nikiwa nimegeukia dirishani.

Dalili: usomaji wa pili unamharibia

Karatasi yenye alama za kufuta inastahili kutazamwa kwa makini kuliko iliyo safi. Yule binti aliyefuta C ya maboya alifanya hivyo wakati wa usomaji wa pili. Mara ya kwanza alisikiliza kisa chote na akaelewa. Mara ya pili alisikiliza akiwa na jicho kwenye machaguo, "kumi na mawili" ikapita, akaiona B, akayumba. Usomaji wa pili ulimgeuza kutoka msikilizaji wa kisa kuwa mwindaji wa maneno.

Nilichombadilishia ni utaratibu tu. Baada ya usomaji wa kwanza anajibu yote, hata yale asiyokuwa na hakika nayo, na haya anayawekea alama ya kuuliza. Usomaji wa pili ukianza, karatasi inageuzwa kifudifudi. Anasikiliza kwa ajili ya yale yenye alama tu, ambayo kwa kawaida ni mawili au matatu na yanakaa kichwani bila shida. Nikimaliza kusoma anahesabu pumzi tatu, anageuza karatasi. Akitaka kufuta jibu lisilo na alama ya kuuliza, lazima kwanza aandike pembeni kitenzi kilichomfanya abadili mawazo. Kwa maboya angepaswa kuandika "nilikuta", na kukuta si kuleta. Wiki tatu sasa hajafuta jibu zuri, isipokuwa moja, nalo aliandika pembeni: "feni".